Mambo ya Nyumbani: Kumwomba Msimamizi wa Zamani Aseme Neno kwa Simu

Uhamisho wa askari hutoka kwa amri, na amri haingoji mke wake amalize mwezi kazini. Familia iliyozoea maisha ya Mbarara, kwenye makao ya Divisheni ya Pili, yaweza kupata habari Jumatatu kwamba baba amepelekwa Gulu, na kabla ya wiki mbili kupita vyombo vimekwisha kupakiwa kwenye lori. Mke aliyekuwa na kazi mjini huiacha. Anapoanza kutafuta nyingine kule aendako, hukuta kwamba hakuna mtu anayemjua. Mwajiri mpya humsikiliza, hutazama vyeti vyake, kisha humwambia: "Tutajie mtu mmoja uliyefanya kazi chini yake, tumpigie simu."

Askari na polisi waliostaafu hukutana na neno hilo hilo wanapoomba kazi za ulinzi, za stoo au za udereva. Simu yenyewe ni fupi, aghalabu dakika kumi tu. Lakini huja mwishoni kabisa, wakati mwajiri amekwisha kumwelekea mwombaji, na kwa sababu hiyo kosa dogo linalofanyika hapo hupoteza kazi ambayo ilikuwa imekaribia kutiwa mkononi. Makosa mengi ya namna hiyo hayatokani na ubaya wa msimamizi wa zamani. Hutokana na jinsi alivyoombwa, au na kutoombwa kabisa.

NENO "MDHAMINI" NA HOFU YAKE

Kwenye fomu za kazi za Kiswahili mtu huyu huitwa mdhamini. Neno hilo ndilo lililozoeleka, lakini lina maana nyingine ambayo watu wazima wanaifahamu zaidi. Mdhamini ni mtu anayemwekea mwenzake dhamana mahakamani, au anayetia sahihi mkopo ili alipe yeye endapo mkopaji atatoroka. Mzee anayepokea ujumbe usemao, "Naomba uwe mdhamini wangu," huanza kuifikiria ng'ombe yake na kiwanja chake. Hukaa kimya siku tatu, na mwombaji hudhani kwamba amekataliwa kwa chuki.

Kwa hiyo ni heri neno hilo libaki kwenye fomu, na katika ombi lenyewe kitajwe kitendo kinachotakiwa. Mwombaji aeleze kwamba atapigiwa simu na mwajiri mpya, ataulizwa jinsi kazi ilivyofanywa, na hatatia sahihi yoyote wala hatadaiwa fedha. Maneno hayo machache huondoa hofu, na humpa mzee nafasi ya kufikiri juu ya jambo lenyewe, yaani kama anaweza kumsemea vyema mtu huyu kwa haki.

Vilevile simu hii isichanganywe na cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi anayeacha kazi haki ya kuomba cheti kinachoonyesha alifanya kazi gani na kwa muda gani. Cheti hicho huthibitisha kwamba alikuwapo. Hakimwambii mwajiri mpya kama daftari lake lilikuwa safi, kama alifika kwa wakati, au kama bwana wake wa zamani angekubali kumwajiri tena. Hayo ndiyo yanayotafutwa kwa simu, na ndiyo sababu mtu mwenye cheti kizuri bado huombwa jina la msimamizi.

NANI AOMBWE

Watu waliolelewa katika nidhamu ya vyeo hupenda kumtaja mkubwa kuliko wote. Sajini mstaafu huandika jina la kanali aliyekuwa mkuu wa kikosi, akiamini kwamba cheo hicho kitamtisha mwajiri. Mwajiri hapimi cheo. Humwuliza kanali: "Alikuwa akitunza funguo za stoo namna gani?" Kanali, ambaye aliongoza mamia ya watu, hujibu kwamba sajini alikuwa mtu mwema na hakuwa na kesi. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii yeyote, kwa maana lingeweza kusemwa juu ya mtu mwingine yeyote kikosini.

Mtu anayefaa ni yule aliyeiona kazi ikifanyika kila siku. Kwa mtunza stoo ni kwatamasta wake. Kwa dereva ni ofisa wa usafiri aliyekuwa akitia sahihi safari zake. Kwa mpishi wa mesi ni msimamizi wa jiko. Hata akiwa na cheo cha chini, yeye ana kisa cha kusimulia, na kisa kimoja chenye siku, kitu na hesabu huwa na uzito kuliko sifa kumi.

Yupo msimamizi aliye bado kazini jeshini au polisi. Huyo anaweza kumsemea mtu kwa kadiri alivyomjua mwenyewe, lakini hasemi kwa niaba ya jeshi wala polisi. Neno rasmi la jeshi liko katika hati za kuachishwa au kustaafu. Mwombaji mwenye adabu humwandikia ofisa wa namna hiyo akimwachia nafasi ya kuomba ruhusa kwa wakubwa wake kwanza, na hamwombi aeleze mahali kikosi kilipokuwa wala shughuli kilizofanya. Mwajiri wa kiraia hahitaji kujua habari hizo, na swali la namna hiyo laweza kumfanya ofisa afunge mdomo hata kwa yale ambayo angeweza kuyasema.

MAMBO YA KUULIZA KWANZA KWA MWAJIRI MPYA

Kabla ya kumwandikia msimamizi wa zamani, mwombaji anahitaji habari nne kutoka kwa mwajiri mpya. Nazo ni jina na kazi ya mtu atakayepiga simu, nambari atakayotumia, siku ambazo anataka kupiga, na lugha atakayozungumza. Mwajiri wa kweli hujibu maswali hayo pasipo kuona vibaya.

Nambari ya simu ina umuhimu wake, kwa kuwa wengi siku hizi hawapokei simu ya mtu wasiyemjua, na wana haki. Matapeli hujitia kuwa maofisa wa kampuni, husema kwamba fulani amepata kazi, kisha huomba fedha za fomu au nambari ya siri ya akaunti ya simu. Msimamizi aliyekwisha kupewa nambari hupokea kwa moyo mtulivu. Na aelezwe wazi kwamba simu ya kuulizia kazi haina malipo wala haihitaji nambari ya siri ya mtu. Akisikia lolote la namna hiyo, akate simu na amjulishe mwombaji.

Lugha nayo isidharauliwe. Katika Uganda, ofisa utumishi wa Gulu aweza kuwa amezoea Kiacholi na Kiingereza, na mfanyabiashara wa Mbarara amezoea Kinyankole na Kiswahili. Mzee akishtukizwa kwa Kiingereza cha ofisini atajibu "ndiyo" na "hapana" tu, na mpigaji atadhani kwamba anaficha jambo. Wakikubaliana mapema kuzungumza Kiswahili, mzee yule yule atasimulia kwa ufasaha.

MFANO WA KARANI WA STOO

Na uchukuliwe mfano wa mke wa koplo mmoja aliyefanya kazi Mbarara katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Alikuwa karani wa stoo kwa miaka miwili na miezi minne. Kazi yake ilikuwa kupokea saruji, mabati, misumari na rangi, kuandika kila kitu katika daftari, na kutoa mali kwa hati iliyotiwa sahihi. Msimamizi wake alikuwa kwatamasta mstaafu, ambaye watumishi wote waliendelea kumwita Afande.

Kasoro ilikuwa katika kuondoka kwake. Kwa sheria iliyotajwa hapo juu, mfanyakazi aliyetimiza mwaka mmoja lakini hajatimiza miaka mitano hutakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Mwanamke huyu alitoa wiki moja, kwa kuwa mumewe alikuwa amepewa uhamisho. Alitumia siku mbili za mwisho kukabidhi mali, akaacha orodha yenye sahihi yake na ya Afande. Lakini hesabu ya mwisho wa mwezi ilimwangukia mzee peke yake, na waliagana bila maneno mengi.

Miezi mitano baadaye hospitali moja mjini Gulu ikamwita kwa mahojiano ya kazi ya karani wa stoo. Ofisa utumishi akamwambia kwamba atampigia simu msimamizi wake wa zamani kati ya Jumanne na Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mwanamke akaanza kumwogopa Afande. Shemeji yake akamshauri amtaje karani mwenzake wa duka, ambaye angemsifu bila kusita. Ushauri huo haukuwa mwema. Hospitali iliomba msimamizi. Ikipewa mtu aliyekuwa sawa naye, itauliza ni kwa nini msimamizi amefichwa.

Mahali ambapo watu waliachana vizuri, ujumbe mmoja wa maandishi watosha. Mahali penye kinyongo ni bora sauti itangulie. Kwa hiyo mwanamke alimpigia Afande jioni, baada ya duka kufungwa, akamsalimu, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akasema jambo lake bila kuzunguka: "Afande, najua niliondoka kwa notisi ya wiki moja na kazi ya hesabu ikakuangukia. Nilifuata uhamisho, lakini mzigo uliubeba wewe. Sasa nimeombwa kazi ya stoo huku Gulu, nao wanataka kumwuliza mtu aliyenisimamia. Je, waweza kunisemea kwa haki? Ukiona huwezi, niambie, nami sitakuwa na neno."

Swali hilo la mwisho ndilo kiini cha ombi lote. Mwombaji anayesema, "Tafadhali ukubali," hupata kibali cha adabu ambacho hakijulikani ndani yake mna nini. Anayeuliza kama mtu aweza kumsemea kwa haki, tena akamfungulia mlango wa kukataa, hupata jibu la kutegemea.

Afande alinyamaza kidogo, kisha akajibu: "Kazi yako naijua, nitaisema. Lakini nikiulizwa habari za kuondoka kwako, nitasema ulivyoondoka."

Mwanamke hakumsihi abadilishe. Alimwambia kwamba hospitali imekwisha kusikia habari hiyo kutoka kinywani mwake, kwa kuwa aliieleza katika mahojiano. Alifanya jambo la busara. Mwajiri hashangazwi na mke wa askari aliyeondoka ghafla. Linalomfanya asite ni kusikia visa viwili visivyolingana. Kama mwombaji alisema "nilimaliza muda wangu vizuri," na msimamizi akasema "aliondoka kwa wiki moja," basi hata daftari lililokuwa safi halitaaminika tena.

Usiku huo huo alimpelekea Afande maandishi, ili asilazimike kukumbuka yote kwa kichwa. Ujumbe wake ulikuwa hivi:

"Afande, nashukuru kwa kunikubalia. Naweka hapa mambo tuliyozungumza. Kazi ninayoomba ni ya karani wa stoo ya hospitali: kupokea vifaa, kuandika daftari na kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi. Atakayekupigia ni ofisa utumishi, mama mmoja, kwa nambari ninayoiandika hapa chini. Mtazungumza Kiswahili, kama dakika kumi. Nilikuwa chini yako miaka miwili na miezi minne. Huenda akakuuliza kuhusu uaminifu wangu katika mali, jinsi nilivyotunza daftari, na sababu ya kuondoka. Nakukumbusha ile mifuko 11 ya saruji iliyokosekana katika hesabu. Kwa kuwa najua magari ya saruji hushusha asubuhi, nimefikiria nyakati hizi: Jumanne tarehe 14, saa nane mchana (14:00), au Jumatano tarehe 15, saa tisa alasiri (15:00), au Alhamisi tarehe 16, saa nane mchana (14:00). Niambie upi unakufaa, au unitajie mwingine, nami nitamjulisha. Huna haja ya kupiga wewe, atakupigia yeye. Wasalimie nyumbani."

Habari ya ile mifuko 11 inastahili kuelezwa. Katika hesabu ya mwezi mmoja saruji ilipungua kwa mifuko hiyo, na macho ya watu yakamgeukia karani. Yeye alizichukua hati zote za kutolea mali, akazilinganisha na kadi za stoo siku kwa siku, akakuta gari moja lililopakiwa jioni bila hati. Dereva alipoulizwa alikiri kwamba aliahidi kuileta kesho yake akasahau; mteja akatafutwa, akalipa. Afande alikuwa amelisahau jambo hilo, kwa kuwa lilikuwa la mwaka uliopita na stoo ina mambo mengi. Alipokumbushwa, lote likamrudia.

Hapa pana mpaka ambao hauna budi kulindwa. Kumkumbusha mtu jambo lililotukia ni halali na ni msaada. Kumwandikia maneno ya kusema ni kumfundisha ushahidi. Mpigaji mzoefu husikia mara moja msimamizi anapotumia maneno yale yale yaliyo katika barua ya mwombaji, na mambo yote huanza kunuka. Ujumbe wa mwanamke huyu ulitaja mifuko 11 na ukaishia hapo. Haukusema, "waambie kwamba mimi ni mwaminifu." Uamuzi huo aliachiwa Afande.

SAA NANE YA NANI?

Jambo moja katika ujumbe ule laonekana dogo, nalo ndilo linaloharibu simu nyingi katika nchi zetu: kuandika saa mara mbili, kwa maneno ya Kiswahili na kwa tarakimu za ofisi. Ofisa akiandika "2:00" ana maana ya saa nane mchana. Mzee akisoma "2:00" aweza kuelewa saa mbili asubuhi, akae na simu mkononi mpaka saa nne, kisha aende shambani akiwa amekasirika. Simu inapolia mchana haijibiwi, na ofisa huandika kwenye jalada: hakupatikana. Anayeandika "saa nane mchana (14:00)" ameifunga njia hiyo ya makosa. Na aandike siku pamoja na tarehe, maana "Jumanne ijayo" kwa mmoja ni kesho kutwa na kwa mwingine ni wiki ya pili.

Msimamizi akiwa nje ya nchi, hesabu huongezeka kidogo. Nairobi, Mogadishu na Baghdad hutumia saa moja na Kampala. Bunia iko nyuma kwa saa moja, na Juba vilevile tangu Februari 2021, Sudan Kusini ilipoirudisha saa yake nyuma. Kwa hiyo saa nane ya Gulu ni saa saba ya Juba. Dubai iko mbele, na saa nane ya Gulu huko ni saa tisa. Mwombaji aandike saa ya mahali alipo msimamizi, na ataje mji, ili yeye asipige hesabu. Kumpigia hesabu hiyo ofisa wa mwajiri nako ni kazi ya mwombaji.

Nyakati tatu ni za kutosha. Wakati mmoja tu huonekana kama amri, na "wakati wowote" huonekana kama ukarimu lakini humwachia mzee mzigo wa kuamua, akaahirisha. Nyakati zenyewe zifuate maisha ya anayeombwa. Mwislamu asiwekewe Ijumaa saa saba mchana, wala Mkristo Jumapili asubuhi. Askari wa zamu ya usiku asiamshwe saa tatu asubuhi. Mwenye duka asisumbuliwe siku ya kuhesabu mali. Mwombaji aliyefanya kazi na mtu miaka miwili anajua saa ambazo bwana huyo huwa na utulivu, na kuzichagua ni njia mojawapo ya kuonyesha kwamba anamkumbuka vyema.

DALILI ZA MAMBO KWENDA KOMBO

Kimya cha siku mbili baada ya ujumbe si lazima kiwe chuki. Huenda simu imezimwa au nambari imebadilika. Yafaa kupiga mara moja, na kama hakuna jibu, kupitia kwa mtu anayeishi karibu naye. Siku ya tatu mwombaji amwambie mwajiri ukweli, kwamba msimamizi bado hajapatikana, na aombe siku nyingine au ataje mtu wa pili aliyemsimamia. Asiache ofisa agundue mwenyewe.

Jibu la baridi lataka masikio. Mtu akisema, "Sawa, wapige tu," bila kuuliza ni kazi gani, au akisema, "Mimi nitathibitisha tarehe tu," huenda ana jambo moyoni. Yawezekana pia kwamba ni kanuni ya mahali pake pa kazi, kwani zipo ofisi zisizoruhusu wasimamizi kusema zaidi ya tarehe na cheo. Mwombaji amwulize kwa upole kama kuna jambo ambalo angependa kulizungumza kwanza. Ikiwa ni kanuni, amjulishe mwajiri mapema ili jibu fupi lisichukuliwe kuwa lawama. Ikiwa ni kinyongo kisichoondoka, amshukuru na atafute msimamizi mwingine aliyeiona kazi yake.

Lipo pia kosa la kutumia jina la mtu mwaka hadi mwaka kwa kibali cha zamani. Msimamizi aliyekubali mara moja hakukubali kupigiwa simu milele. Kila kazi mpya iwe na ombi lake, hata la mistari mitatu, kwa kuwa kazi hubadilika, na mtu aliyejiandaa kusema habari za stoo akiulizwa ghafla habari za kupika atababaika.

BAADA YA SIMU

Afande alichagua Jumatano saa tisa alasiri. Ofisa utumishi alimpigia kwa wakati, nao walizungumza kwa muda wa dakika tisa. Alimwuliza tarehe, akajibu. Alimwuliza kuhusu uaminifu, akasimulia ile mifuko 11 tangu hesabu hadi mteja alipolipa. Alimwuliza sababu ya kuondoka, akasema kwamba aliondoka kwa wiki moja kwa kufuata uhamisho wa mumewe, na kwamba jambo hilo lilimtaabisha yeye binafsi, lakini mali ilikabidhiwa yote kwa orodha. Swali la mwisho lilikuwa kama angemwajiri tena. Mzee akasema: "Akirudi Mbarara kesho, funguo nitampa. Ila safari hii nitaandika notisi mwenyewe."

Hospitali ilimwajiri kwa muda wa majaribio, na katika mkataba wake likatiwa sharti kwamba mume akipata uhamisho ajulishe siku ile ile. Sharti hilo lilitokana na ile simu. Mwanamke alilikubali, kwa maana lilikuwa la haki, na lilimkinga yeye pia dhidi ya kuondoka mara ya pili kwa aibu.

Jioni ile simu ilipomalizika alikuwa amekwisha kumshukuru Afande, kabla hajajua kama amepata kazi au amekosa. Hivyo ndivyo inavyopasa, kwa kuwa shukrani ni ya wakati aliotoa mzee, haingojei matokeo. Jibu la hospitali lilipokuja alimpigia tena, akampa habari. Wasimamizi wengi hulalamika kwamba husema neno kwa ajili ya watu, kisha wasisikie tena habari zao mpaka siku wanapohitaji neno jingine. Afande aliuliza stoo ya hospitali ina kadi za namna gani, akamwambia asikubali kamwe gari lipakiwe jioni bila hati.